Mstari wa Tano wa Mwalimu Philemon

Philemon Mwandawiro wa Wusi alikuwa na amri moja tu katika maabara yake, nayo aliiandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao ili hata mgeni aisome: ANDIKA ULICHOONA. Mwanafunzi aliyechelewa alisamehewa. Aliyevunja chupa alisamehewa pia, baada ya kelele kidogo. Lakini aliyenakili jibu la kitabuni na kulipachika kwenye jaribio lake siku ya fizikia alijuta kuzaliwa.

Alifundisha Voi, katika shule ya sekondari iliyokuwa mwisho wa mji, ambapo vumbi jekundu lilikuwa linaingia darasani bila kubisha hodi. Siku za juma alikaa mjini na mkewe, Mkamburi, aliyekuwa na cherehani yake karibu na soko. Jumamosi walipanda milimani kuangalia mahindi na migomba yao. Maisha yake yalikuwa hayo, na hakuyaonea haya. Mwalimu wa fizikia mwenye mke hodari na shamba lenye maji, alikuwa akisema, amlalamikie nani?

Mwaka wa 1976 kulikuwa na jambo alilokuwa halisemi. Macho yake yalikuwa yamechoka. Chaki ilionekana hafifu, akalaumu chaki. Taa za sebuleni zilikuwa na ukungu, akalaumu umeme wa Voi, na umeme wa Voi haukuwa na wa kuutetea. Jioni moja Mkamburi alimtuma dukani alete uzi wa zambarau wa kushonea majoho ya kwaya ya kanisa, naye akaleta wa kahawia.

"Baba Zipporah, hii ni rangi gani?" Mkamburi aliuliza, akiuinua ule uzi.

"Si zambarau?"

"Kwaya ivae udongo?"

Walicheka, na mambo yakaishia hapo. Lakini usiku Philemon hakupata usingizi mapema. Alimjua mwalimu mmoja wa Taveta aliyepoteza macho akarudishwa nyumbani kabla ya wakati, akawa anakaa barazani akisikiliza watoto wa wenzake wakipita kwenda shule. Mtu asiyeona ubao hafundishi fizikia. Kwa hiyo aliamua kwamba macho yake ni mazima, na mtu akishaamua hivyo huwa hakosi ushahidi.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la atomu ya hidrojeni. Alilifundisha kwa Kidato cha Sita kila mwaka, na kila mwaka alianza na mlima.

"Mmeona matuta ya Wusi na Chawia," alisema. "Mtu anasimama kwenye tuta. Je, anaweza kusimama katikati ya matuta mawili, hewani?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi na elektroni ni hivyo hivyo. Kwa mfano wa Bohr, ina ngazi zake za nishati. Itakaa ya kwanza, ya pili, au ya tatu. Katikati hapana."

Kisha alichora. Ngazi ya kwanza aliiweka chini kabisa, na kutoka hiyo hadi ya pili aliacha pengo kubwa la kutisha. Kutoka ya pili hadi ya tatu pengo lilikuwa dogo, ya tatu hadi ya nne dogo zaidi, na huko juu mistari ikabanana mpaka chaki ikakosa nafasi. Shamba la namna hiyo, aliwaambia, mkulima yeyote wa Taita angelicheka, kwa maana matuta yake ya juu hayatoshi hata mche wa mhogo.

Wakio, binti wa Chawia aliyekaa dawati la mbele, aliinua mkono. Alikuwa msichana wa sauti ndogo na maswali makubwa.

"Mwalimu, sisi tukishuka kutoka nyumbani tunapita kila tuta. Elektroni ikiwa ya tano, si lazima ipite ya nne na ya tatu ndiyo ifike ya pili?"

Darasa zima lilikubaliana naye, maana ndivyo watu wa milimani wanavyoshuka: tuta kwa tuta, ukisalimia kila boma, la sivyo utasemwa. Kila mwaka kosa hilo lilitokea, na kila mwaka Philemon alilisubiri kwa hamu kama mtu anayesubiri mgeni wake.

"Elektroni haina adabu yenu," alisema. "Inaweza kupita hatua kwa hatua, na inaweza kuruka kutoka ya tano hadi ya pili kwa mara moja bila kumsalimia mtu. Ikianguka inatoa mwanga, na nishati ya mwanga huo ni tofauti kati ya ngazi ilikotoka na ngazi ilikofika. Kwa hiyo msiniambie ngazi ya tatu ni nyekundu. Ngazi haina rangi. Rangi ni ya anguko."

Akaendelea kuwaonyesha. Anguko lolote linaloishia ngazi ya kwanza ni kubwa mno. Mwanga wake uko mbali kupita zambarau, jicho haliupati. Yale yanayoishia ya tatu au juu zaidi ni madogo mno. Mwanga wake uko chini ya nyekundu, na jicho haliupati pia. Yanayoishia ngazi ya pili ndiyo yenye bahati. Kutoka ya tatu hadi ya pili ni mstari mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. Kutoka ya nne, buluu iliyochanganyika na kijani, 486. Kutoka ya tano, zambarau yenye buluu, 434. Kutoka ya sita, zambarau iliyokolea, 410, nao ni hafifu.

"Kitabu kinasema minne," alisema. "Lakini mrija wetu umezeeka. Mwaka jana na mwaka juzi tuliona miwili tu, mwekundu na ule wa pili. Mtaandika nini?"

"Tulichoona!" waliitika kwa pamoja.

Siku ya jaribio walifunika madirisha ya maabara kwa mablanketi ya bweni. Mrija wa hidrojeni, mwembamba kama kalamu, uliwashwa kwa umeme wa volti nyingi, ukang'aa rangi ya waridi. Mbele yake palikuwa na spektromita: chombo chenye mwanya mwembamba wa kupitishia mwanga, prizimu ya kioo ya kuutawanya, na darubini ndogo inayozunguka juu ya duara lenye digrii. Wanafunzi walitazama mmoja mmoja, wakaandika, wakakusanya kazi zao.

Philemon alisahihisha kwenye meza ya maabara, uso wake karibu unagusa karatasi. Gibson: mistari minne. Aliyemfuata: mitatu, na labda wa nne. Wakio: minne, wa mwisho hafifu. Aliendelea mpaka karatasi ya mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeandika miwili. Damu ilimpanda. Aliinuka akawasha mrija, akaweka jicho kwenye darubini, akaizungusha kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwekundu ule pale. Wa buluu ya kijani ule pale, umefifia kidogo. Baada ya hapo giza tupu.

Basi darasa zima limenakili kitabu. Aliwapa wote sifuri.

Asubuhi iliyofuata alizungumza nao, na wasiomjua walidhani kuna aliyefiwa. Aliwaambia kwamba mwizi wa kuku ana heshima kuliko mwizi wa vipimo, kwa sababu mwizi wa kuku angalau amemshika kuku. Aliwaambia alama hizo ataziacha zilivyo katika hesabu ya mwaka. Wanafunzi waliinamisha vichwa. Wakio peke yake alibaki ametazama mbele, machozi yakimtoka.

"Mwalimu, naomba kusema. Mimi niliona minne. Ukitaka nifute niandike miwili, nitafuta kwa sababu wewe ni mwalimu wangu. Lakini nitakuwa nimenakili kwako badala ya kitabu."

Philemon alikuwa na hasira, lakini hakuwa mtu dhalimu, na neno la msichana lilikuwa limemwingia mahali asipotaka.

"Vizuri," alisema. "Tutawapima."

Akatega mtego wake, na wala hakuuficha. Alifunika lile duara la digrii kwa karatasi ya kaki ili anayetazama asisome kitu. Kila mwanafunzi angeingia peke yake, azungushe darubini mpaka nyuzi zake mbili zinazokatana zikae juu ya mstari wa tatu kuanzia ule mwekundu, kisha atoke kwa mlango wa nyuma bila kuonana na wenzake. Mwalimu angeinua karatasi, asome digrii kwa lenzi ya mkono, na kuizungusha darubini ovyo kabla ya anayefuata. Kitabu kinataja nanomita. Hakuna kitabu duniani kilichojua digrii za prizimu ile ya Voi iliyowekwa na mkono wa Philemon asubuhi ile. Aliyesema uongo angeiacha darubini popote, na waongo wengi wangeiacha pengi.

Gibson aliingia akatoka. Philemon akasoma. Wa pili akaingia akatoka. Philemon akasoma, akafikicha macho, akasoma tena. Wa tatu. Wa nne. Wote waliiacha darubini mahali pamoja, wakitofautiana kwa unywele. Wa mwisho alikuwa Wakio, naye akaiacha pale pale. Philemon alichukua chati iliyokuja na chombo, inayogeuza digrii kuwa nanomita, akafuata kwa kidole: mia nne thelathini na kitu. Anguko la kutoka ngazi ya tano hadi ya pili, lenyewe.

Akaweka jicho kwenye darubini kama Wakio alivyoiacha. Hakuona kitu.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu alichimba, akaweka ngazi, akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Mrija haukuwa umezeeka. Na kilichomuuma zaidi kuliko macho ni wale wanafunzi wa mwaka jana na mwaka juzi, watoto wa watu, walioandika miwili chini ya amri ile nyeupe kwa kuwa mwalimu amesema ni miwili. Walikuwa wameona nini, na wakanyamaza? Aliuzima mrija.

Kisha akatoka nje walikokuwa wamesimama juani.

"Mlisema kweli," aliwaambia. "Nyote. Mistari iko, ila mimi siioni. Sifuri zile ni zangu, nitaziondoa leo. Nisameheni, wanangu."

Mwalimu kumwomba mwanafunzi msamaha, mwaka ule na shule ile, ni jambo lililowafanya wasijue mikono yao waiweke wapi. Wakio ndiye aliyejibu kwa sauti yake ndogo: "Mwalimu, basi uende ukaangaliwe macho."

Jioni alimweleza Mkamburi yote. Alitarajia kutaniwa kuhusu uzi wa kahawia. Mkamburi aliacha cherehani, akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Macho hayana pazia, wanasema. Yako yanalo, Baba Zipporah. Nimeliona tangu mvua za mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mara ngapi? Ukanijibu ni umeme."

Ilikuwa ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Daktari wa Mombasa alisema lenzi za macho yake zimegeuka kahawia kama chai ya rangi, na kwamba zambarau na buluu ndizo zinazozuiwa kwanza. Dawa yake ni kisu. Philemon aliogopa kisu. Milimani kulikuwa na watu waliosema jicho likikatwa ndiyo mwisho wake, na kila aliyesema alikuwa na binamu wa kutolea mfano. Mkamburi alifunga cherehani, akapanda naye treni ya Mombasa, akakaa hospitalini kando ya kitanda akipindia majoho ya kwaya kwa mkono. Philemon akiwa amefungwa bendeji alimsikia akivuta uzi, na sauti hiyo ilimtuliza kuliko maneno ya daktari. Aliwahi kusema baadaye kwamba kama angeambiwa atabaki gizani, lakini gizani humo atasikia uzi huo, angeweza kuvumilia.

Bendeji ilipotolewa na akavishwa miwani mizito kama vitako vya chupa, kitu cha kwanza alichoona ni joho.

"Zambarau," alisema, na akalia kama mtoto mbele ya manesi.

Dunia nzima ilikuwa imeoshwa. Mashuka yalikuwa na ubuluu kidogo, bahari ilikuwa na rangi zisizo na majina. Alimshukuru daktari mpaka daktari akaona haya. Aliporudi Voi alishukuru hata vumbi, ambalo kumbe lilikuwa jekundu kweli kweli kuliko alivyokuwa analikumbuka. Alipita kwa mwalimu mkuu kumshukuru kwa kumshikia kazi yake, kisha akaenda moja kwa moja maabara. Kidato cha Sita walikuwa wamekwisha kutundika mablanketi.

"Wakio," alisema, "washa."

Mrija ukang'aa waridi. Philemon alivua miwani, akaivaa, akarekebisha darubini, akaanza kuizungusha polepole. Mwekundu. Buluu ya kijani, kali kama kisu. Zambarau yenye buluu, ile ambayo wanafunzi wake walisimama juani kwa ajili yake. Akasema, "Huo." Zambarau iliyokolea. "Na huo." Wanafunzi wakapiga makofi. Lakini mwalimu hakuinua kichwa. Mkono wake uliendelea kuzungusha darubini, kidogo tu.

"Kuna mwingine," alisema.

Makofi yakaisha.

"Hafifu sana. Baada ya ule wa nne. Njooni."

Wakio akatazama. Akatazama tena akiwa amefunika jicho lingine kwa kiganja. Gibson akatazama. Wakapokezana wote, wakaangaliana, na kila mmoja alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza. Mwalimu wao ametoka hospitalini juzi, bado anapapasa meza. Nani atamwambia?

"Mwalimu," Wakio alisema mwishowe, "mimi sioni. Pale mimi naona giza."

Philemon alinyoosha mgongo. Wale waliomjua walisubiri sauti ipande. Badala yake uso wake ulifunguka wote kwa kicheko.

"Vizuri sana! Sasa nipimeni kama nilivyowapima."

Wakafunika digrii kwa karatasi ya kaki. Philemon akaelekeza darubini kwenye mstari wake, akarudi nyuma. Wakio akasoma. Gibson akaizungusha ovyo, Philemon akaelekeza tena, wakasoma tena. Ilirudi pale pale kila mara. Wakaipeleka kwenye chati, ikaangukia karibu na 397. Bila kuambiwa, Wakio alichukua chaki. Kwa kipimo cha nishati, ngazi ya pili iko elektroni-volti 3.40 chini ya ukingo wa juu, mahali elektroni ingekuwa huru. Ngazi ya saba ni 13.6, kina cha ngazi ya kwanza, kugawanya kwa arobaini na tisa, yaani saba mara saba: 0.28 chini ya ukingo huo huo. Anguko lake ni 3.12. Akageuza kuwa urefu wa wimbi, akaandika jibu, akalizungushia duara: 397.

"Saba hadi mbili," alisema, akisahau hata kusema Mwalimu. "Upo. Upo kweli!"

Philemon aliwaeleza alichoambiwa na daktari kabla ya kutoka Mombasa. Lenzi ya jicho la binadamu huchuja mwanga wa mwisho mwisho wa zambarau, hata kwa kijana mwenye macho mazuri. Yeye lenzi zake zimetolewa, kwa hiyo kichujio hakipo. Kitabu kinaposema mistari ya kuonekana ni minne, kinasema habari za jicho la kawaida, si habari za hidrojeni. Hidrojeni haijui nani anatazama. Inaendelea kuanguka hadi ngazi ya pili kutoka ya saba, ya nane, na kuendelea, aone mtu asione.

Kisha wakakaa kuandika. Philemon alipita kati ya madawati na miwani yake mizito, akiinama juu ya kila karatasi, kwa kuwa sasa aliweza kuzisoma. Alijua vijana. Alijua kwamba mwalimu anayependwa, aliyetoka kwenye kisu, akisema ameona mitano, na hesabu ikakubali, ni rahisi sana mkono kuandika mitano.

Gibson: "Nimeona minne." Aliyemfuata: "Nimeona mitatu, na wa nne kwa shida." Akafika kwa Wakio. Karatasi yake ilikuwa na sentensi mbili chini ya mchoro.

"Mimi nimeona mistari minne. Mwalimu ameona mitano, na ninamwamini, lakini mimi nimeona minne."

Philemon alichukua kalamu nyekundu akampa alama zote. Alitaka kuandika neno la pongezi pembeni, ila miwani ilikuwa imelowa ikabidi aivue, na bila miwani hakuona hata mahali pa kuandika. Akaweka mkono begani mwa yule msichana.

"Asante, mwanangu," alisema.

"Ya nini, Mwalimu?"

Philemon alienda dirishani, akalishusha blanketi moja, na jua la Voi likaingia.